Faida ipo, hela haipo: tusome mtiririko wa fedha wa biashara ya mahindi wiki kwa wiki

Wengi mnaonisoma mna ekari zenu za mahindi, lakini Julai ikifika mnafanya na kazi ya pili: mnanunua mahindi ya majirani, mnajaza gari, mnapeleka Korogwe au Tanga, kisha mnasubiri kulipwa. Hiyo ni biashara halali na ina faida. Tatizo ni kwamba kila mwaka naona mtu mwenye faida kwenye daftari anashindwa kuwalipa wakulima aliowachukulia mzigo, na msimu unaofuata hakuna anayemuuzia. Ukipiga hesabu zake unakuta hakupata hasara hata kwenye safari moja. Alichokosa ni hela kwa wiki moja tu.

Leo tuchukue taarifa moja ya fedha tuikague pamoja, mstari kwa mstari. Ni ya dada mmoja anayenunua mahindi upande wa Sindeni na Misima, wilayani Handeni, na kuyauza Korogwe mjini. Aliniletea mwezi Juni, kabla msimu haujaanza, akitaka nimwambie kama mpango wake wa miezi 3 umekaa sawa. Ameniruhusu niutumie bila jina, na namba nimezizungusha ili hesabu iwe rahisi kufuata. Bei za mwaka wako zitakuwa nyingine, ila utaratibu ni ule ule.

Mpango wake ulikuwa hivi. Anaanza na shilingi 7,500,000. Kati ya hizo, 4,500,000 ni zake na 3,000,000 ni mkopo wa SACCOS. Kila safari anabeba tani 5. Shambani ananunua kilo kwa shilingi 600, hivyo mahindi ya safari moja ni 3,000,000. Magunia, vibarua wa kupakia na kushusha, gari na ushuru wa halmashauri vinakula 350,000. Jumla safari moja inamgharimu 3,350,000. Stoo, msaidizi na vocha ni 100,000 kila wiki.

Ana wateja wawili Korogwe. Wa kwanza ni msagishaji wa sembe. Huyu anachukua kwa shilingi 760 kilo, tani 5 ni 3,800,000, analipa nusu mzigo ukishuka na nusu baada ya wiki 2. Wa pili ni shule ya bweni. Hiyo inachukua kwa shilingi 800 kilo, yaani 4,000,000 kwa safari, na makubaliano ni kulipwa baada ya siku 30. Alipanga safari 6: nne za msagishaji na mbili za shule.

Tuanze na faida, maana ndiyo aliyoianza yeye. Safari ya msagishaji inaacha 450,000, mara nne ni 1,800,000. Safari ya shule inaacha 650,000, mara mbili ni 1,300,000. Jumla 3,100,000. Toa matumizi ya kila wiki kwa wiki 12, ambayo ni 1,200,000, na riba ya SACCOS 200,000. Inabaki faida safi ya 1,700,000. Kwa mtaji wake wa milioni nne na nusu na miezi 3 ya kazi, hiyo si haba.

Kisha alikuwa ametengeneza mtiririko wa fedha wa mwezi kwa mwezi, jambo ambalo nilimsifia, maana wengi hawafiki hata hapo. Mwisho wa Julai ulionyesha baki ya 2,750,000, mwisho wa Agosti 3,750,000, mwisho wa Septemba 6,200,000. Baki inapanda kila mwezi. Akaniuliza, "Sasa bwana shamba, hapa kuna shida gani?"

Nikamwambia, dada, nionyeshe ile shule ilikulipa lini mwaka jana.

Hapa ndipo ukaguzi unapoanzia. Ukishika taarifa ya mtiririko wa fedha, yako au ya mwenzako unayetaka kushirikiana naye, usianze kujumlisha. Anza kwa kuuliza kila tarehe ya kuingia hela imetoka wapi: imetoka kwenye ahadi au kwenye kumbukumbu? Ahadi ilisema siku 30. Kumbukumbu zake zilikuwepo, ila hakuwahi kuziweka sehemu moja. Tukachukua karatasi ya kupokelea mzigo yenye sahihi ya mtunza stoo wa shule, tukaweka pembeni ujumbe wa benki wa siku hela ilipoingia. Mzigo wa kwanza siku 41, mzigo wa pili siku 44. Kwa hiyo mteja huyu ni wa wiki 6, hata kama barua yake inasema siku 30. Msagishaji tulimwangalia kwenye ujumbe wa M-Pesa, na yeye kweli analipa nusu ya pili ndani ya wiki 2. Mteja mmoja anaaminika kwa tarehe, mwingine anaaminika kwa kulipa lakini si kwa tarehe. Ni vitu viwili tofauti.

Sasa angalia jambo la kushangaza kidogo. Mzigo wa kwanza wa shule unaenda wiki ya 2 ya Julai. Kwa ahadi ya siku 30, hela inaingia wiki ya 6. Kwa kumbukumbu, inaingia wiki ya 8. Wiki ya 6 na ya 8 zote ni Agosti! Mzigo wa pili wa shule unaenda wiki ya 5. Kwa ahadi unalipwa wiki ya 9, kwa kumbukumbu wiki ya 11, na zote ni Septemba. Kwa hiyo ukitumia taarifa ya mwezi, ucheleweshaji wa wiki 2 hauonekani kabisa. Namba za mwisho wa mwezi zinabaki zile zile, 2,750,000, 3,750,000 na 6,200,000. Ndiyo maana alikuwa haoni shida, na wala si kwamba hajui hesabu. Alipimia kwa mwezi kitu kinachotembea kwa wiki.

Tukaichora upya wiki kwa wiki. Kabla hujaisoma, kumbuka mambo mawili yaliyokuwa kwenye mpango wake. Mzigo wa wiki ya 5 alipanga kuuchukua kwa mali kauli: wakulima wanampa mahindi, anawalipa baada ya wiki 2. Wiki ile analipia gari na vibarua tu, 350,000. Na SACCOS wanataka marejesho mawili ya 1,600,000, moja wiki ya 7 na jingine wiki ya 10. Namba za jedwali ni kwa maelfu ya shilingi.

| Wiki | Kilichotokea | Zilizoingia | Zilizotoka | Baki |
|---|---|---|---|---|
| Mwanzo | Mtaji na mkopo | | | 7,500 |
| 1 | Safari ya msagishaji | 1,900 | 3,450 | 5,950 |
| 2 | Safari ya shule | 0 | 3,450 | 2,500 |
| 3 | Msagishaji amalizia | 1,900 | 100 | 4,300 |
| 4 | Safari ya msagishaji | 1,900 | 3,450 | 2,750 |
| 5 | Safari ya shule, mali kauli | 0 | 450 | 2,300 |
| 6 | Msagishaji amalizia, na safari mpya kwake | 3,800 | 3,450 | 2,650 |
| 7 | Kulipa mali kauli na rejesho | 0 | 4,700 | −2,050 |
| 8 | Shule yalipa, msagishaji amalizia | 5,900 | 100 | 3,750 |
| 9 | Safari ya msagishaji | 1,900 | 3,450 | 2,200 |
| 10 | Rejesho la pili | 0 | 1,700 | 500 |
| 11 | Shule yalipa, msagishaji amalizia | 5,900 | 100 | 6,300 |
| 12 | Matumizi ya kawaida | 0 | 100 | 6,200 |

Wiki ya 7 hana hela. Anadaiwa 3,000,000 na wakulima, 1,600,000 na SACCOS, na mkononi ana 2,650,000. Wakati huo huo anawadai watu 9,900,000: shule mizigo miwili, 8,000,000, na msagishaji 1,900,000. Mtu anayedai karibu milioni kumi anashindwa kulipa milioni mbili. Wiki moja baadaye ana 3,750,000 mkononi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena kama shule ingelipa kwa ahadi, wiki ya 6, wiki ya 7 ingebaki na 1,950,000 na pengo lisingekuwepo. Pengo lote limetokana na wiki 2 za ucheleweshaji ambazo zilikuwa zimeandikwa kwenye simu yake mwenyewe tangu mwaka jana.

Kwa hiyo ukikagua taarifa ya namna hii, macho yako yaende kwenye baki ndogo kuliko zote, siyo baki ya mwisho. Baki ya mwisho inakuambia biashara imezalisha nini. Baki ndogo inakuambia kama utafika huko mwisho.

Kuna mitego miwili midogo humo kwenye jedwali ambayo nataka uizoee. Wa kwanza ni mpangilio wa ndani ya wiki. Tazama wiki ya 4. Baki inasomeka 2,750,000, lakini hakuanza wiki na hela ya msagishaji. Alianza na 4,300,000, akalipa wakulima na gari 3,350,000, akabaki na 950,000, ndipo mzigo ukashuka na nusu ya malipo ikaingia. Safari hiyo ilipita. Wiki ya 6 ni nyembamba zaidi: lazima ile nusu ya zamani ya msagishaji, 1,900,000, iingie kabla hajaenda shambani, kwa sababu alianza na 2,300,000 na safari inataka 3,350,000. Ikichelewa siku 3 tu, gari linasimama. Kanuni yangu ni rahisi: ndani ya wiki andika zinazotoka kwanza, halafu zinazoingia, na uone kama ulipita chini ya sifuri katikati.

Mtego wa pili ni hela ya mkopo kukaa ndani ya baki. Ile 7,500,000 ya mwanzo inavutia macho, lakini 3,000,000 ni ya SACCOS na inarudi. Mali kauli nayo ni mkopo, ila haina karatasi. Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 7 anatembea na mahindi ya watu ya milioni tatu, na baki ya 2,650,000 ya wiki ya 6 haitoshi hata kuwalipa hao peke yao. Hata mkopo wa vijana wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo vijana mna asilimia 4, hauna riba lakini una tarehe ya rejesho. Kutokuwa na riba hakuzibi pengo la wiki ya 7.

Baada ya kuona pengo, tulifanya jaribio moja zaidi: tukaichelewesha shule wiki nyingine 2. Siyo kwamba tulitegemea itokee, ila taasisi hailipi kama mtu anayetoa hela mfukoni. Kuna kupokea mzigo, kukagua, ankara, kuidhinisha, na mkuu wa shule anaweza kuwa safarini. Shule ikilipa wiki ya 10 badala ya ya 8, wiki ya 8 inaisha kwenye −250,000 hata baada ya msagishaji kumaliza deni lake. Wiki ya 9 hawezi kwenda shambani, kwa hiyo safari moja na faida yake ya 450,000 imepotea. Unaona pengo linavyotembea? Linaanza kama kuchelewa, linageuka hasara.

Sasa, kuziba. Vijana wengi njia ya kwanza inayokuja kichwani ni mikopo ya kausha damu. Tuipigie hesabu bila kuitukana. Ukikopa 2,050,000 kwa asilimia 20 ya mwezi, unarudisha na 410,000 juu. Faida ya msimu mzima ilikuwa 1,700,000, hivyo karibu robo yake imeondoka kwa ajili ya wiki moja. Na wakopeshaji wengi wa aina hiyo hawakukati riba ukirudisha baada ya siku 8, unalipa ya mwezi mzima.

Njia ya pili ni kusogeza wanaokudai. Kama SACCOS wangekubali rejesho la kwanza liwe wiki ya 8, wiki ya 7 ingekuwa na upungufu wa 450,000 tu. Na kama wakulima wangekubali nusu ya mali kauli wiki ya 7 na nusu wiki ya 8, angebaki na ziada ya 1,050,000. Haina gharama yoyote, inapendeza. Lakini irudie kwenye lile jaribio la shule kuchelewa na utakuta wiki ya 8 inaisha tena kwenye −250,000. Kusogeza kunafaa pale una uhakika wa tarehe ya hela inayokuja. Kama huna, umelisogeza pengo tu, halafu umewaahidi watu mara mbili. Mzee wa Misima atakuvumilia mara ya kwanza. Mara ya pili anamuuzia mwenye hela mkononi hata kwa shilingi 570, na mimi simlaumu.

Njia ya tatu ni kubadilisha mteja kwa sehemu ya mzigo, na hii ndiyo niliyompendekezea. Kuna wanunuzi wanaosimama barabarani Segera, wanalipa taslimu mzigo ukipimwa, ila bei yao ni ya chini. Kwa mfano wetu tuliweka shilingi 710. Mzigo wote wa wiki ya 5 ukienda kwao, anapoteza 450,000 ukilinganisha na shule, ambayo ni zaidi hata ya kausha damu. Hiyo hapana. Lakini hahitaji kuuza wote. Alihitaji milioni mbili na kitu. Tani 3 kwa 710 ni 2,130,000, taslimu wiki ya 5. Tani 2 zilizobaki zinaenda shule. Anachopoteza ni shilingi 90 kwa kila kilo ya hizo tani 3, yaani 270,000.

Tukaupitisha mpango huo kwenye jedwali. Wiki ya 7 inaisha na 80,000. Shule ikichelewa mpaka wiki ya 10, wiki ya 8 inaisha na 1,880,000 badala ya kuwa chini ya sifuri, na wiki ya 9 anaweza angalau kubeba nusu ya safari. Msimu ukienda vizuri unaisha na 5,930,000 badala ya 6,200,000. Hiyo 270,000 ni bei ya kulala usingizi, na ni rahisi kuliko 410,000.

Lakini 80,000 ni nyembamba mno. Tairi moja linaila yote. Kwa hiyo akaongeza na kipande cha njia ya pili: alikwenda SACCOS kabla ya kusaini, akaomba rejesho la kwanza liwekwe wiki ya 8. Kabla ya kusaini unaomba ratiba. Baada ya kusaini unaomba huruma. Wakakubali, na wiki ya 7 ikawa na 1,680,000. Wakulima wa mali kauli wakalipwa wote siku waliyoahidiwa.

Kuna jambo moja alilitaka nikamkatalia. Kwenye mpango mpya, wiki ya 6 inaonyesha baki ya 4,780,000, kwa sababu hela ya Segera imeingia na mali kauli bado haijalipwa. Akasema, "Hapa si naweza kupiga safari nyingine?" Hapana. Kati ya hizo, 3,000,000 ni za wakulima, zinasubiri siku 7. Wengi wanazama hapo hapo, kwenye wiki ambayo mfuko umejaa kuliko kawaida. Nilimwambia achore mstari kwenye daftari chini ya hiyo namba na kuandika kilicho chake: 1,780,000.

Niseme pia kuhusu zile siku 41 na 44, maana siyo zote ni za shule. Tulipozichambua, mzigo mmoja ulishushwa Jumatatu na ankara ikapelekwa baada ya siku 9, kwa sababu alikuwa anasubiri risiti ya mashine. Hizo siku 9 alizitengeneza mwenyewe. Mwaka huu ankara na risiti vinapanda gari moja na mahindi. Mzigo mwingine ulirudishwa kukaushwa. Mahindi ya mwanzo wa Julai huku kwetu mara nyingi bado yana maji, na kiwango cha juu cha unyevu kwa viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mzigo ukikataliwa getini, siku za kulipwa hazijaanza hata kuhesabiwa, na wewe ulishamlipa mkulima. Kama huna kipimo, omba kupimiwa kabla hujapakia, au usipeleke mzigo wa shule wiki za kwanza. Peleka kwa msagishaji aliye tayari kuanika.

Swali ambalo najua litakuja: je, nikiongeza ukubwa wa biashara pengo si litazibwa na faida kubwa? Jaribu kwenye jedwali lile lile. Mtaji ule ule wa 7,500,000, lakini safari za tani 10. Wiki ya 1 analipa 6,700,000, msagishaji anampa 3,800,000, toa 100,000, anabaki na 4,500,000. Wiki ya 2 anataka 6,700,000 nyingine kwa ajili ya shule. Tayari amepungukiwa 2,200,000 kabla hata ya matumizi ya wiki, na Julai haijafika katikati. Kila tani unayompelekea anayelipa kwa wiki 6 inafungia 670,000 yako kwa wiki 6. Ukiongeza tani kwake bila kuongeza mtaji, pengo linakua na linawahi kuja. Ukitaka kukua kwa mtaji ule ule, ongeza mzigo kwa anayelipa haraka na acha shule ibaki na kiasi unachoweza kukisahau kwa mwezi na nusu.

Mwisho kuna shamba lako mwenyewe, ambalo kwenye taarifa nyingi ninazoletewa halimo. Dada huyu ana ekari 6 za vuli, na trekta linalipwa Septemba, karibu wiki ya 10, kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Alikadiria 600,000. Kwenye mpango wa kwanza wiki ya 10 ilikuwa na baki ya 500,000, kwa hiyo trekta lingemkuta na upungufu wa 100,000, wakati shule inamdai bado, yaani yeye anaidai, 4,000,000. Kwenye mpango mpya wiki hiyo ina 2,630,000, akilipa trekta anabaki na 2,030,000. Tukaiandika 600,000 hiyo kwenye safu ya zinazotoka, wiki ya 10, pamoja na mbegu wiki ya 12. Wewe nawe unapochora wiki zako 12, anza kwa kuandika tarehe za shamba, ada na marejesho, kisha ndipo upange safari katikati yake.